Mshahara umekwisha, mayai bado: hesabu za kuku 300 Mariakani

Binamu yangu alirudi kutoka Riyadh Januari 2025 baada ya kandarasi mbili za miaka miwili miwili, kazi za nyumbani, riyali 900 kwa mwezi. Alikuwa na shilingi 640,000 za Kenya katika akaunti yake mwenyewe, na fundi alikuwa amekwisha kumchorea banda la mawe la kuku 1,000. Aliniletea mchoro huo kwa sababu nafuga kuku wa mayai kwa mwaka wa tisa sasa, na kwa sababu shangazi alimwambia asichimbe msingi kabla hajaonana na mimi.

Kabla ya kuufungua mchoro nilimuuliza swali moja: nyumbani kwenu mlikuwa mnatumia ngapi kwa mwezi ulipokuwa huko? Hakujua. Tukachukua simu yake tukazisoma meseji za kutuma pesa, mwezi baada ya mwezi. Zilikuwa zikienda 15,000, miezi mingine 20,000 shule zikifungua, na kwa wastani 17,000. Mama yake, watoto wake wawili na mdogo wake wa kiume walikuwa wameyazoea maisha ya kiasi hicho. Sasa yeye mwenyewe amerudi, mdomo umeongezeka mmoja. Tukaandika 18,000.

Mpango wote uliofuata ulijengwa juu ya namba hiyo. Anayeanzisha ufugaji akiwa na kazi humlisha kuku kwa mshahara mpaka kuku aanze kumlisha yeye. Aliyerudi kutoka ng'ambo hana mshahara huo. Akiba yake inaliwa kutoka pande mbili, banda na sufuria, na kwa kawaida anapanga upande wa banda peke yake.

Tukalipigia hesabu banda la kuku 1,000 kwa bei tulizozikuta Mariakani mwezi huo. Jengo lilihitaji 400,000. Vifaranga wa siku moja, 140 kila mmoja, walihitaji 140,000. Vyombo vya chakula na maji, makaa na taa za kulea, 40,000. Zinabaki 60,000. Chakula cha vifaranga kilikuwa shilingi 60 kwa kilo, kwa hiyo salio lote ni kilo 1,000, yaani kilo moja kwa kila kifaranga. Kifaranga wa kuku wa mayai humaliza kilo hiyo katika wiki ya tano au ya sita. Yai la kwanza huja wiki ya 20. Na hapo watu wa nyumbani hawajala hata siku moja.

Hilo si jambo la kufikirika tu. Pita barabara ya kwenda Kaloleni utayaona mabanda mazuri ya mawe yaliyogeuzwa stoo ya mahindi. Wenyewe wakiulizwa husema kuku walikufa. Wengi wa kuku hao waliuzwa wakiwa na miezi mitatu, kwa bei ya kitoweo, kwa sababu hapakuwa na gunia lingine la chakula.

Aliponyamaza kidogo akasema, "Basi kaka, niwalee vifaranga 300." Hilo ndilo wazo la kawaida, na kwa mtu mwenye mshahara ni wazo zuri. Kifaranga ni 140. Mpaka wiki ya nane hula kama kilo mbili za chakula cha vifaranga, shilingi 120. Kuanzia hapo mpaka wiki ya 18 hula kilo tano na nusu za chakula cha kukuzia, ambacho kilikuwa 45 kwa kilo, tuseme 250. Chanjo na dawa 40, makaa na matandazo 30. Jumla ni 580. Mitetea waliokwisha kulelewa na kukaribia kutaga waliuzwa 700. Ukiangalia hivyo, kulea mwenyewe kunakuokolea 120 kwa kila kuku, yaani 36,000 kwa kuku 300.

Lakini kulea kunachukua miezi minne, na miezi minne ya 18,000 ni 72,000. Huo muda yeye angeununua kwa akiba yake. Kwa hiyo kuku wa bei ghali ndio waliokuwa rahisi kwake. Nilimwambia hivyo akanitazama kama ninamtania, mpaka alipoandika namba zote mbili upande kwa upande kwa mkono wake.

Kwa nini 300 na si 100? Tulitafuta idadi ndogo kabisa inayoweza kuchukua nafasi ya zile 18,000. Kuku anayetaga hula gramu 120 hivi kwa siku. Chakula cha kutagia kilikuwa 3,500 kwa gunia la kilo 70, yaani 50 kwa kilo, kwa hiyo kila kuku anakula shilingi 6 kwa siku na 300 wanakula 1,800. Kwa wastani wa mwaka ukipata mayai 80 kwa kila kuku 100 umefuga vizuri. Kuku 300 watakupa mayai 240 kwa siku, trei nane. Bei ya jumla ilikuwa 360 kwa trei, hivyo 2,880. Toa chakula, zinabaki 1,080 kwa siku, 32,400 kwa mwezi. Toa 6,000 za maji, chanjo, matandazo na nauli ya boda. Zinabaki 26,400.

Hapa ndipo wafugaji wengi hufunga daftari, na mimi mwenyewe nililifunga hapo mwaka wangu wa kwanza. Kuku hawa hawadumu. Wakifika wiki ya 75 hivi mayai yanapungua na ganda linakuwa jepesi, na inabidi wauzwe. Ukitoa wanaokufa njiani, tuseme wabaki 280 wauzwe 400 kila mmoja, unapata 112,000. Kundi jipya ni 210,000. Pengo ni 98,000, na ukiligawa kwa miezi 13 ya kutaga ni kama 7,500 kila mwezi, ambazo lazima zitolewe kwanza kabla ya mtu kusema faida. Ukizitoa zinabaki 18,900.

Kwa hiyo kuku 300 kwa bei ya jumla wanailisha nyumba yake na kubakiza shilingi 900. Chakula kikipanda kutoka 50 hadi 55 kwa kilo, shilingi 180 zinaondoka kila siku, 5,400 kwa mwezi, na nyumba inaanza kula kundi lijalo. Nilimwambia wazi kwamba kama atamuuzia mchuuzi wa jumla peke yake, asifanye. Nafasi ya kupumua ilikuwa mahali pengine, katika bei ya kuuza, na hiyo ilibidi aijaribu kabla ya kununua hata kuku mmoja.

Mariakani pako mizani ya barabara kuu ya Mombasa na Nairobi. Malori yanasimama, madereva na utingo wanakula, na vibanda vya chapati na mayai boilo vimejaa pembeni. Vibanda hivyo vilikuwa vikinunua trei kwa 400 kutoka madukani. Tukatoa 20,000 katika akiba, akawa ananunua trei kwangu na kwa jirani yangu kwa 350 na kuzipelekea vibanda kwa 390. Kazi hiyo aliifanya wiki sita, Februari na Machi, fundi akiwa anajenga.

Wiki ya kwanza aliuza trei mbili kwa siku. Wenye vibanda walikuwa na watu wao, na wengi walimwambia "tuletee kesho" wakiwa na maana ya kamwe. Alichogundua ni kwamba maduka hayapeleki mapema. Chapati na mayai vinaanza kupikwa saa kumi na moja alfajiri, na aliyeishiwa hana pa kununua. Akaanza kupita saa kumi na moja kasorobo. Machi ikawa Ramadhani, baadhi ya vibanda vikafungwa mchana, akahamishia nusu ya mzigo jioni. Mwisho wa wiki ya sita alikuwa akiuza trei saba kwa siku kwa wateja 11. Kati yao watatu walitaka kuchukua leo na kulipa kesho. Mmoja alimlipa siku zote, mmoja alimlipa mara mbili akahama, wa tatu bado anadaiwa trei nne. Akaweka sheria kwamba trei mpya haishuki kwenye pikipiki kabla ya ile ya jana kulipwa.

Tofauti ya 390 na 360 kwa trei nane ni 240 kwa siku, au 7,200 kwa mwezi. Sasa 900 imekuwa 8,100, na hiyo inaweza kuvumilia chakula kupanda shilingi tano. Hapo ndipo nilipokubali anunue kuku.

Ile 640,000 tuliigawa hivi. Kwanza kabisa 144,000, yaani 18,000 kwa miezi minane, zikawekwa katika akaunti tofauti inayohamisha kiasi hicho tarehe mosi ya kila mwezi. Nyumba ikimaliza kabla ya mwezi kwisha inasubiri. Ilimsaidia pia kwa ndugu, kwa kuwa mtu aliyetoka Arabuni huombwa na kila anayemjua, na ni rahisi zaidi kusema "pesa imefungwa, inatoka tarehe mosi" kuliko kusema sina. Banda 130,000. Vyombo, viota na tangi la maji 40,000. Kuku 210,000 na kuwasafirisha 10,000. Chakula cha wiki sita, kwa 1,800 kwa siku, 75,600. Zikabaki kama 30,000 za tatizo lisilojulikana bado, ambazo humo ndimo zilimotoka zile 20,000 za kujaribia soko, na zilirudi.

Zile 640,000 zingekuwa nyingi zaidi kama angezileta nyumbani kwa wakati. Riyali imefungwa kwa dola, 3.75 kwa dola moja, kwa hiyo mshahara wake ulikuwa dola 240 kila mwezi bila kubadilika. Mwezi Januari 2024 dola ilikuwa karibu na shilingi 160, na mshahara huo ulikuwa zaidi ya 38,000. Kufikia katikati ya mwaka ulikuwa chini ya 31,500. Yeye alikuwa na akiba ya miezi kadhaa aliyoiacha katika riyali akingoja ipande zaidi. Aliyejua tayari kwamba atajenga kwa shilingi hakuwa na sababu ya kungoja.

Banda la 130,000 halikuwa la mawe. Kuku 300 wanahitaji mita za mraba 60 hivi wakifugwa chini kwenye matandazo, kuku watano kwa kila mita. Tulilifanya mita 6 kwa 10, ukuta wa matofali futi mbili na nusu kisha waya mpaka juu, na pande ndefu zikitazama kaskazini na kusini ili jua la asubuhi na la jioni lisiingie ndani. Pwani adui wa kuku wa mayai ni joto. Likipita nyuzi 30 anaanza kuhema mdomo wazi, anakunywa sana, anakula kidogo, na ganda la yai linakuwa jembamba. Mabati matupu yangewapika. Makuti peke yake yana ubaridi lakini yanaficha utitiri na hayasafishiki. Tukaezeka mabati juu sana, tukaacha upenyo kileleni, na upande wa magharibi tukatandika makuti juu ya mabati. Fundi alilalamika kwamba halina sura ya banda la mtu aliyetoka Saudia.

Kuku waliletwa wiki ya kwanza ya Aprili, joto kali likiwa limepungua. Muuzaji alisema wana wiki 17. Kuku wa mayai wa kahawia wa umri huo anatakiwa kukaribia kilo moja na nusu, na upanga wake unaanza kuwa mwekundu. Binamu alimshika wa kwanza akasema, "Kaka, mbona hawa wepesi?" Tukatoa mizani ya kuning'iniza tukawapima 20 kutoka pembe mbalimbali za lori. Wastani ulikuwa kilo moja na robo. Tukaomba kadi ya chanjo, na tarehe ya kuanguliwa iliyokuwa juu yake ilionyesha wiki 15.

Wiki mbili si jambo dogo kwa mtu anayekula akiba. Kuku wa umri huo wanakula kama gramu 90, kwa hiyo 300 wanamaliza kilo 27 kwa siku, shilingi 1,350, na wiki mbili ni 18,900 bila yai. Tulimwonyesha muuzaji hesabu hiyo palepale kwenye lori. Alipandisha sauti, akapiga simu, kisha akashusha bei hadi 640, ambayo ni 18,000 kwa kundi zima. Tukawashusha. Angekuwa hana kadi ningewarudisha, maana kuku asiye na kumbukumbu ya chanjo ya magonjwa ya kideri na gumboro hana bei hata akiwa na kilo mbili.

Alama ambayo binamu aliandika kwa chaki mlangoni ni 150. Chakula cha siku ni 1,800, na trei tano kwa 360 ni 1,800. Trei tano ni mayai 150. Chini ya hapo kuku wanakula mfuko wake, juu ya hapo wanaanza kulipa. Mayai ya kwanza yalikuja katikati ya Mei, madogo kama ya kanga. Alama ya chaki waliivuka wiki ya mwisho ya Mei, na kufikia katikati ya Juni mayai yalikuwa 190 kwa siku na yanapanda.

Kisha Juni hiyohiyo yakashuka. Siku tano, kutoka 190 hadi 148. Alinipigia akilia kwamba wamepata ugonjwa. Nikamuuliza kama wanakohoa, kama kinyesi ni cha kijani, kama maji yanabaki kwenye tangi. Hapana kwa yote matatu. Maji walikuwa wanakunywa karibu lita 80 kama kawaida. Kuku mgonjwa huacha kunywa kabla hujaona kitu kingine. Nikamuuliza kuhusu gunia. Alikuwa amebadilisha wiki iliyopita, amepata chakula cha 46 kwa kilo. Kiliwaokolea shilingi 4 kwa kilo, kilo 36 kwa siku, yaani 144. Mayai 42 yaliyopotea, kwa 13 kila moja, yalikuwa 546. Maganda nayo yalikuwa yakivunjika mkononi. Alirudi kwenye chakula cha awali, akichanganya nusu kwa nusu kwa siku nne ili asiwashtue tena, na ilichukua karibu wiki mbili kurudi walipokuwa.

Kideri hurudiwa kila miezi mitatu kwa maji ya kunywa, na hapo kuna kosa dogo ambalo wengi hufanya: maji ya bomba yana dawa ya klorini inayoiua chanjo kabla kuku hajainywa. Yeye hutumia maji ya mvua, na huwanyima maji saa mbili kabla ili wayamalize upesi.

Septemba akaunti ya nyumba ilitoa 18,000 ya mwisho. Mwezi uliofuata zilitoka kwenye daftari la mayai, na zile 7,500 za kundi lijalo zilikuwa zimeingia kwa miezi mitatu. Wiki hiyohiyo dalali alimpigia, kuna nyumba Dammam, riyali 1,200. Ni karibu shilingi 41,000. Daftari lake mwezi huo lilisema 24,600 baada ya kila kitu. Alinionyesha namba zote mbili bila kusema neno, nami sikuwa na la kumwambia. Alisema atafikiri. Siku mbili baadaye alinitumia meseji akiuliza oda ya mitetea iwekwe lini ili wafike kabla hawa hawajauzwa. Nikamjibu miezi minne kabla, na safari hii aombe kadi ya chanjo ipigwe picha kabla lori halijaondoka.